Saa 12 Usiku, kwa Muda wa Saa 2: Uchambuzi wa Barua Pepe Moja ya Matengenezo ya Databesi

Kisa hiki kilitokea Septemba 2025 katika chama cha akiba na mikopo chenye ofisi kuu katikati ya jiji la Nairobi na matawi kadhaa, likiwemo la Kitengela. Mimi nilikuwa mmoja wa watu wawili waliokabidhiwa databesi ya chama, na barua pepe ninayoichambua niliiandika mwenyewe. Mkubwa wangu aliisoma, hakuona tatizo, akairuhusu itumwe kwa wafanyakazi wote Alhamisi alasiri. Ilisema hivi:

> Kichwa: Taarifa Muhimu
>
> Wapendwa wenzangu,
>
> Mnaarifiwa kuwa idara ya TEHAMA itafanya matengenezo ya databesi Jumamosi hii usiku kuanzia saa 12. Zoezi linatarajiwa kuchukua takriban saa 2. Katika kipindi hicho mfumo hautapatikana. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.
>
> Asanteni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Databesi yetu ni PostgreSQL, yenye ukubwa wa takriban gigabaiti 180, na ilikuwa bado kwenye toleo la 13, ambalo muda wake wa kupokea marekebisho ulikuwa unaisha Novemba mwaka huo. Tulitaka kuihamishia kwenye toleo la 17. Kazi ya namna hiyo haifanyiki huku watu wakiendelea kuingiza miamala. Lazima mfumo uzimwe, na kwa kuwa lazima uzimwe, lazima watu waambiwe.

Nilikusudia kuanza katikati ya usiku, baina ya Jumamosi tarehe 13 na Jumapili tarehe 14. Katika ofisi nyingi za Nairobi tunazungumza Kiswahili lakini saa tunaitaja kwa hesabu ya Kiingereza, na tumezoea hivyo mpaka hatusikii tena kwamba tumevuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Mezani tulikuwa tumeutaja usiku wa manane kwa jina lake la Kiingereza, kumi na mbili, na nilipoketi kuandika, mkono ukaandika tarakimu hiyohiyo. Kwa msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, usiku wa manane ni saa sita. Saa kumi na mbili ni wakati jua linapotua, au linapochomoza. Neno "usiku" lilipaswa kumshtua msomaji, kwa kuwa hakuna mtu anayesema "saa kumi na mbili usiku". Tunasema jioni, au asubuhi. Lakini barua ya ofisi haisomwi kwa makini ya namna hiyo. Msomaji huona siku, huona tarakimu, na kichwa chake kikajaza kilichobaki.

Kilichonisikitisha zaidi baadaye ni tarakimu ya pili. "Saa 2" kwa Kiswahili ni muda wa dakika 120, na pia ni wakati kwenye saa ya ukutani. Aliyesoma "saa 12" kama kumi na mbili jioni na "saa 2" kama saa mbili usiku alipata kipindi cha kuanzia jua linapotua hadi baada ya taarifa ya habari, na kipindi hicho kina muda wa saa mbili barabara. Kwa maneno mengine, usomaji wake ulijithibitisha wenyewe: mwanzo, mwisho na urefu vyote vililingana, bila pengo lolote la kumfanya anyanyue simu kuuliza. Wahariri wa Kiswahili hawalipendi neno "masaa", na nimefundishwa kuliepuka, lakini nakiri kwamba siku ile "masaa mawili" lingetuokoa. "Dakika 120" lingetuokoa pia, na lisingemuudhi mhariri.

Aliyeisoma barua hivyo alikuwa dada mmoja wa idara ya mikopo, mtu makini kuliko wengi wetu. Alikuwa na marejesho ya mikopo ya kuingiza kabla ya Jumatatu. Jumamosi jioni alijizuia kufungua mfumo, akapika, akawalaza watoto, na ilipofika saa tatu kasoro usiku akaunganisha kompyuta yake ya nyumbani na mtandao wa ofisi. Mfumo ulifunguka. Kwake hilo lilikuwa uthibitisho kwamba matengenezo yamekwisha, na uthibitisho wa haki kabisa, kwa kuwa hatukuwa tumeahidi dalili nyingine yoyote ya mwisho wa kazi. Aliingiza rekodi moja baada ya nyingine, akapumzika, akarudi, na alipokuwa amefika rekodi ya 63 nilikata miunganisho yote. Hivi ndivyo kumbukumbu ya seva ilivyoandika:

```
2025-09-13 21:02:17 UTC FATAL:  terminating connection due to administrator command
```

Seva yetu huandika saa kwa UTC, iliyo nyuma ya saa ya Nairobi kwa saa tatu; ndiyo maana mstari huo unasema bado ni tarehe 13, saa 21:02, ilhali kwetu ilikuwa tayari Jumapili tarehe 14, dakika mbili baada ya saa sita usiku. Kwa hiyo tukio moja lilikuwa na majina matatu: la seva, la msemaji wa Kiswahili, na la mwandishi wa barua pepe aliyekuwa akifikiri kwa Kiingereza.

Kuhusu zile rekodi 63, databesi haikufanya kosa. Mfumo wetu hushikilia bechi nzima ndani ya muamala mmoja hadi mtumiaji abonyeze kitufe cha kuthibitisha (muundo mbaya, lakini huo ni uchambuzi mwingine), na muunganisho ukikatwa kabla ya uthibitisho, PostgreSQL huufuta muamala wote kana kwamba haukuwahi kuwepo. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Nusu ya bechi iliyobaki kwenye vitabu ingekuwa balaa kubwa kuliko bechi nzima iliyopotea. Tatizo ni kwamba mwenye bechi hakujua kwamba kuna wakati ambao lazima awe amethibitisha. Alinipigia Jumapili asubuhi.

"Kaka, uliandika saa kumi na mbili mpaka saa mbili. Mimi nimengoja mpaka saa mbili, nikaongeza na nusu saa nyingine."

Nilimwambia sikuandika "mpaka". Alikaa kimya kidogo, kisha akanisomea barua yangu polepole, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayemsomea mtoto. Nilikuwa sahihi kwamba neno lile halikuwepo, naye alikuwa sahihi kwamba hilo halikuleta tofauti yoyote.

Kasoro ya pili ya barua ilikuwa ule muda wenyewe, hata kwa aliyeusoma vizuri. Saa mbili nilizitoa wapi? Jumatano mchana tulikuwa tumefanya jaribio kwenye seva ya majaribio yenye nakala ya databesi. Kuzima huduma kulichukua dakika 5, kutengeneza nakala ya akiba dakika 40, na kuhamisha toleo dakika 7. Jumla ni dakika 52. Nikazidisha kwa mbili na kidogo, nikajiona mwangalifu, nikaandika saa mbili.

Usiku wa kazi mambo yalienda tofauti, ingawa hakuna kilichoharibika. Kuzima kulichukua dakika 15, kwa sababu kwenye seva halisi kuna huduma nyingi zaidi za kusimamisha kwa mpangilio. Nakala ya akiba ilichukua dakika 95 badala ya 40. Katika jaribio tuliiandika kwenye diski ya seva ileile, ilhali usiku ule ilikuwa inapita kwenye kebo ya mtandao kwenda chumba kingine, na saa hizohizo za usiku ndizo faili za matawi husafirishwa kwa kebo hiyohiyo. Jaribio la mchana halikuweza kutuonyesha msongamano wa usiku. Kuhamisha toleo kulichukua dakika 7 zilezile, bila kupungua wala kuongezeka, na hilo linaeleza jambo: hatua tuliyoiogopa na kuifanyia mazoezi ndiyo iliyokuwa fupi na inayotabirika kuliko zote.

Kisha zikaja hatua mbili ambazo sikuzihesabu kabisa. Programu ya `pg_upgrade`, inapohamia toleo la 17, haibebi takwimu ambazo databesi huzitumia kuamua njia ya haraka ya kutafuta rekodi. Databesi huwaka vizuri, huitikia, na mtu asiyejua hutangaza ushindi. Lakini ombi ambalo jana lilichukua nukta moja leo huchukua dakika, kwa sababu databesi inapekua jedwali zima badala ya kufuata faharasa. Takwimu lazima zikusanywe upya:

```
vacuumdb --all --analyze-in-stages
```

Hilo lilichukua dakika 38. Baada yake tulijaribu mfumo kwa dakika 30: kufungua akaunti, kuweka, kutoa, kuchapisha taarifa ya mwanachama. Tukijumlisha 15, 95, 7, 38 na 30 tunapata dakika 185. Tulianza saa sita usiku, tukafungua saa tisa na dakika tano. Tulikuwa tumeahidi saa nane.

Saa moja na dakika tano ya kuchelewa, usiku wa kuamkia Jumapili, inaweza kuonekana si kitu. Nilidhani hivyo mimi pia, mpaka nilipozungumza na mhudumu wa zamu ya usiku anayepokea simu za wanachama. Baadhi ya wanachama wetu ni madereva wa matatu, ambao hutoa pesa kwa simu kabla ya alfajiri ili wajaze mafuta kwa ajili ya safari ya kwanza. Mhudumu huyu ndiye pekee, kwa kadiri ninavyojua, aliyeisoma barua yangu kama nilivyokusudia, kwa sababu angekuwa kazini saa hiyo na aliuliza. Kwa hiyo aliwaambia waliopiga kwamba huduma itarudi saa nane. Saa nane ilipita, wakapiga tena, naye hakuwa na la kuwaambia wala nambari ya kunipigia, maana barua haikuwa na nambari yoyote. Kosa langu likawa uongo kinywani mwake.

Hapa ndipo penye tofauti ambayo nadhani waandishi wengi wa barua za namna hii hawaitenganishi, nami sikuitenganisha. Kuna muda tunaotarajia kazi ichukue, na kuna dirisha tunaloomba tuachiwe. Muda unaotarajiwa ni makisio ya mambo yakienda sawa. Dirisha lazima litoshe pia mambo yakienda vibaya, yaani litoshe kufanya kazi, kugundua kwamba imeshindikana, na kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Kwetu kurudi nyuma hakukuwa kwa kubonyeza kitufe. Tulitumia `pg_upgrade` kwa njia ya `--link`, ambayo ndiyo iliyoifanya hatua ile iwe ya dakika 7 tu, kwa sababu hainakili faili bali huzifanya zitumiwe na toleo jipya mahali zilipo. Bei yake ni kwamba mara toleo jipya likishawashwa, faili zile haziwezi tena kutumiwa kwa usalama na toleo la zamani, na njia ya kurudi ni kurejesha ile nakala ya akiba. Kama kuitengeneza kulichukua dakika 95, busara ni kuhesabu kwamba kuirejesha kutachukua zisizopungua hizo.

Tuifanye hesabu ambayo ingepaswa kufanywa kabla ya kuandika. Dakika 185 za kazi kutoka saa sita usiku zinatufikisha saa tisa na dakika tano. Tukijipa dakika tano za kuamua, ni saa tisa na dakika kumi. Uamuzi ukiwa ni kurudi nyuma, dakika 95 za kurejesha zinatufikisha saa kumi na dakika arobaini na tano, na dakika 15 za kuhakiki zinakamilisha saa kumi na moja alfajiri. Dirisha la kweli lilikuwa la saa tano. Usiku ule, kama majaribio yangefeli saa tisa, tungekuwa na mfumo uliozimwa hadi alfajiri na barua iliyosema saa mbili, na hakuna ambaye angejua kama tumechelewa au tumeshindwa.

Kasoro ya tatu ilikuwa maneno "mfumo hautapatikana". Kwetu sisi wa chumba cha seva mfumo ni kitu kimoja. Kwa karani wa kaunta mfumo ni skrini yake, kwa mwanachama ni huduma ya simu, na kwa mhasibu ni pamoja na malipo yanayoingia kwa M-Pesa. Hilo la mwisho halikuzimika, kwa sababu halikai kwetu. Mwanachama aliyelipa saa saba usiku alikatwa pesa, akapata ujumbe wake, na pesa zikaingia katika nambari ya chama. Kilichokosekana ni seva yetu kupokea uthibitisho na kuandika malipo hayo kwenye akaunti yake. Zaidi ya hapo, chama chasajili anwani mbili, moja ya kuhakiki malipo kabla hayajakubaliwa na nyingine ya kuyathibitisha, na wakati wa kusajili huchagua thamani ya `ResponseType` itakayotumika ikiwa anwani ya kuhakiki haifikiki: `Completed` au `Cancelled`. Yetu ilikuwa `Completed`. Maana yake ni kwamba databesi ikiwa imezimwa malipo hupita bila kuulizwa kama nambari ya akaunti ipo.

Jumapili mchana mhasibu alilinganisha taarifa ya M-Pesa na vitabu vyetu akakuta malipo 47 ambayo hayakuwa yameandikwa, matatu kati yake yakiwa na nambari za akaunti zisizokuwepo. Yale 44 yalikuwa kazi ya kuchosha tu. Yale matatu yalihitaji kuwatafuta watu. Wawili kati ya wenyewe walikuwa wamelipa mara mbili, kwa kuwa hawakuona salio likibadilika na mhudumu wa simu hakuwa ameambiwa awaeleze kwamba pesa zimefika.

Nimeiandika upya barua hiyo kama ambavyo ingepaswa kutumwa, nikitumia tarehe zilezile. Mabadiliko makubwa yako kwenye kichwa, ambacho sasa kinamfaa hata yule asiyefungua barua, na kwenye usemi ambao Kiswahili kilikuwa nao tayari, "usiku wa kuamkia Jumapili". Ukisema "Jumamosi usiku saa sita" bado mtu atauliza ni mwanzo wa Jumamosi au mwisho wake, na kwa wazee wa pwani, ambao siku yao huanza jua linapotua, "usiku wa Jumapili" ndio huohuo tunaouita sisi wa Jumamosi. Usiku wa kuamkia Jumapili ni mmoja tu, popote ulipozaliwa.

> Kichwa: Mfumo utazimwa usiku wa kuamkia Jumapili 14 Septemba, kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri
>
> Wenzangu,
>
> Mfumo wa akaunti utazimwa saa 6 usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 14 Septemba (00:00), na msitegemee kuutumia hadi saa 11 alfajiri ya Jumapili hiyo (05:00). Tukifanikiwa mapema tutaufungua yapata saa 9 usiku (03:00), lakini tafadhali msipange kazi kwa kutegemea hilo.
>
> Aliye na bechi wazi aithibitishe na atoke kwenye mfumo kabla ya saa 5 na nusu usiku wa Jumamosi (23:30). Bechi itakayokuwa haijathibitishwa itafutika na itabidi iingizwe upya.
>
> Wanachama hawataweza kutoa pesa wala kuangalia salio kwa simu. Malipo ya M-Pesa yataendelea kupokewa, ila hayataonekana kwenye akaunti hadi wahasibu wayaingize Jumapili mchana. Mwanachama akiuliza, mwambieni pesa zimefika na asilipe mara ya pili.
>
> Saa 9 na dakika 10 usiku tutawajulisha wahudumu wa zamu kwa ujumbe wa simu kama tunafungua au tunarudisha mfumo wa zamani. Kazi ikiisha mtapata barua pepe ya pili yenye kichwa "Mfumo umefunguliwa". Kabla ya kuipata, msiingie hata kama skrini inafunguka.
>
> Afisa wa zamu wa TEHAMA anapatikana usiku huo wote kwa nambari iliyobandikwa kwenye ubao wa zamu wa kila tawi.

Haina neno databesi hata mara moja, wala toleo, na sikuliacha kwa bahati mbaya. Karani wa Kitengela hana kitu cha kufanya na habari kwamba tunahamia toleo la 17. Ana kitu cha kufanya na saa tano na nusu. Radhi pia nimeiondoa. Katika barua ya kwanza ilikuwa imechukua nafasi ya sentensi moja nzima, na sentensi hiyohiyo ingetosha kumwambia mhudumu wa simu kwamba pesa zimefika.

Mwezi wa Novemba tulihitaji kuzima tena, safari hii kuhamisha data kwenye diski mpya, na tukatumia barua ya muundo huu. Tuliomba saa nne tukamaliza kwa saa mbili na dakika ishirini. Jibu moja tu lilikuja kabla ya kazi, kutoka kwa yule dada wa mikopo, akiuliza kama bechi iliyothibitishwa lakini haijaidhinishwa na msimamizi wake nayo itafutika. Haifutiki, kwa sababu uthibitisho ndio unaofunga muamala na idhini ni hatua inayokuja baadaye, nami nikamjibu hivyo. Kisha nikaongeza sentensi hiyo kwenye barua na kuituma upya kwa wote.